Kona moja, kadi nne: uchambuzi wa kisa cha majina ya bidhaa katika duka la vifaa vya ujenzi

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, katika biashara niliyoihudumia kama mshauri wa hesabu za mali. Nimeondoa jina la biashara, majina ya watu na ya wasambazaji, na nimebadilisha maeneo ya matawi. Hesabu za kadi nimezibadilisha kwa kiasi ili zisimtambulishe mtu, lakini uhusiano wake nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa kuwa ndio unaofundisha.

Biashara yenyewe

Biashara ilikuwa na duka kuu Kariakoo, tawi moja pembezoni mwa jiji, na stoo iliyokuwa umbali wa nusu saa kwa bodaboda kutoka dukani. Ilikuwa inauza mabomba na viungio vyake, misumari, nondo, bati, rangi na vifaa vya umeme. Mauzo yalikuwa yakiingizwa katika programu ya kompyuta iliyounganisha sehemu zote tatu. Kila mwenye neno la siri aliweza kufungua kadi mpya ya bidhaa, yaani ukurasa wa programu unaobeba jina na salio la kitu kimoja: makeshia wawili wa duka kuu, keshia wa tawi, msimamizi wa stoo na mhasibu. Ruhusa hiyo ilitolewa siku programu ilipowekwa ili kazi isikwame, na haikuondolewa tena.

Kufikia mwaka wa tatu orodha ilikuwa na kadi zaidi ya 3,400. Msimamizi wa stoo, mzee aliyeijua mali yake kwa kuishika mkononi, alikuwa akisema siku zote kwamba bidhaa anazozitunza hazifiki hata 2,500. Hakuna aliyemsikiliza, maana kompyuta ilikuwa na orodha na yeye alikuwa na kumbukumbu tu.

Jinsi tatizo lilivyoonekana

Fundi bomba mmoja alikwenda tawini akitaka kona 60 za PPR za nusu. PPR ni mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine ya moto, na kona ni kile kiungio ambacho wengine hukiita elbo. Keshia wa tawi alitafuta, akaona zimebaki 50, akamwambia fundi kwamba mzigo haujafika. Fundi akaondoka. Siku iliyofuata duka kuu liliagiza kona nyingine 500 kwa mwagizaji kwa sababu kadi wanayoitumia wao ilikuwa chini ya sifuri, wakati stoo maboksi ya kona hizo hizo yalikuwa yamepangwa hadi kwenye dirisha.

Mmiliki aliniita akiamini kuna wizi. Kabla ya kwenda stoo niliomba orodha mbili kutoka kwenye programu. Ya kwanza ilikuwa ya bidhaa zote ambazo salio lake liko chini ya sifuri. Ya pili ilikuwa ya bidhaa zote ambazo faida yake ghafi kwenye taarifa ni asilimia 100. Mtu hawezi kuuza kitu asichokuwa nacho, wala hapati kitu bila kukinunua, kwa hiyo bidhaa inayotokea katika orodha zote mbili karibu kila mara ni kadi iliyofunguliwa kwenye kaunta ili kuuza kitu ambacho kilikwisha kupokelewa kwa jina jingine. Orodha hizo mbili zilikuwa na majina zaidi ya 400 yanayofanana.

Kadi nne za kona moja

Nilichagua kona ya PPR ya nusu ili tuifuate hatua kwa hatua. Ilikuwa na kadi nne.

Ya kwanza, `ELBOW PPR 20MM`, ilifunguliwa na mhasibu kwa kunakili ankara ya mwagizaji. Ilipokea kona 1,000; zikahamishwa 200 kwenda tawini na kuuzwa 40, zikabaki 760. Ya pili, `Elbo ppr 20`, ilifunguliwa na keshia wa tawi siku alipopokea zile 200, naye akauza 150, zikabaki 50. Ya tatu, `KONA PPR NUSU`, ilifunguliwa na keshia wa duka kuu mteja akiwa amesimama mbele yake. Haikuwahi kupokea kitu. Iliuza 385, salio likawa 385 chini ya sifuri. Ya nne, `ELBOW PPR 1/2"`, ilifunguliwa na msimamizi wa stoo mzigo wa msambazaji wa pili ulipofika. Ilipokea 500, ikauza 60, zikabaki 440.

Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeandika vibaya. Bomba la PPR hupimwa kwa kipenyo cha nje, na bomba la milimita 20 ndilo linalochukua nafasi ya bomba la chuma la nusu inchi, kwa hiyo mafundi wa mjini wote huliita nusu, kama wanavyoliita la milimita 25 robo tatu na la milimita 32 inchi moja. Mhasibu aliandika kinachosomeka kwenye ankara, keshia akaandika kilichotoka kinywani mwa fundi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Niliwauliza makeshia mmoja mmoja kwa nini walifungua kadi mpya, na jibu lilikuwa moja: «Nilitafuta sikuiona.» Keshia wa duka kuu aliandika «kona» kwenye kisanduku cha kutafutia, programu ikamwambia hakuna, naye akaamini, maana ndivyo anavyopaswa kuamini. Kuanzia hapo niliacha kulitazama jambo hili kama la uzembe wa tahajia. Kadi ya pili huzaliwa pale mtu anapotafuta kwa neno lake na kukosa, na kanuni yoyote ya majina isiyogusa tukio hilo haitazuia kitu.

Kusafisha orodha, na kosa tulilolifanya

Tulianza na sehemu rahisi, yaani kadi zinazotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo, nafasi na vistari. Orodha yote ilitolewa kwenye Excel, jina likiwa safu ya A, na katika safu ya B tukaweka jina lililosafishwa:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))," ",""),"-","")
=COUNTIF(B:B,B2)
```

Fomula ya pili, iliyokaa safu ya C, huonyesha jina hilo limejitokeza mara ngapi. `CHAR(160)` imo humo kwa sababu majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye ankara za barua pepe huja na nafasi ambayo kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini `TRIM` haiigusi.

Kuna tahadhari mbili tulizozipata kwa kuumia. Kwanza, katika jaribio la awali tuliondoa pia mkwaju na nukta, na matokeo yake waya wa 2.5 ukawa sawa na wa 25, na koki ya 1/2 ikageuka 12. Alama hizo ni sehemu ya kipimo na haziondolewi. Pili, tulipotenganisha vipimo katika safu ya peke yake, Excel iliisoma 1/2 kama tarehe, nasi tukakuta makumi ya viungio vyenye tarehe mahali pa ukubwa. Safu ya vipimo lazima igeuzwe kuwa `Text` kabla ya kuingiza chochote. Ukiibadilisha baadaye kilichoharibika hakirudi.

Njia hiyo ilikamata kadi kama 350. Haikukamata hata moja ya zile nne za kona, kwa kuwa hakuna fomula inayojua kwamba kona ni elbo na nusu ni 20. Hizo zilihitaji mtu anayeijua mali, kwa hiyo tulimweka msimamizi wa stoo na fundi mmoja mstaafu mezani kwa siku nne, wakisomewa orodha kundi kwa kundi.

Kosa lilikuja Jumamosi ya kuhesabu. Kwa kona yetu, jumla ya kadi nne ilikuwa 760 kutoa 385, kuongeza 50, kuongeza 440, yaani 865. Wahesabuji walihesabu maboksi yote stoo, dukani na tawini wakapata 860. Upungufu wa kona tano katika mali iliyozunguka hivyo ulituridhisha wote, nami nikiwemo. Tuliunganisha kadi zote nne usiku ule, tukaweka bei moja, tukaendelea.

Baada ya wiki mbili fundi mmoja alifika dukani akamwambia keshia, «Dada, zile kona za shaba za bei ya juzi bado zipo?» Keshia hakuelewa. Alipomwita msimamizi wa stoo ndipo ikajulikana kwamba ndani ya mzigo wa msambazaji wa pili, ule wa kadi ya nne, kulikuwa na kona 60 za aina nyingine: upande mmoja ni PPR ya milimita 20, upande wa pili una uzi wa ndani wa shaba wa nusu inchi, ambao hufungwa koki. Ankara ya msambazaji iliandika zote «elbow 1/2», na kwa kweli zote zina nusu ndani yake. Bei ya hiyo ya shaba ni mara kadhaa ya bei ya kona tupu. Siku ya kuhesabu zilikuwa zimebaki 48, na katika wiki mbili tangu tuunganishe kadi ziliuzwa 11 kwa bei ya kona tupu.

Ukirudi kwenye hesabu utaona jinsi jumla ilivyotudanganya. Kona tupu kwenye vitabu zilipaswa kuwa 817, na zilizohesabiwa zilikuwa 812. Za shaba zilipaswa kuwa 48, na zilikuwa 48. Upungufu ni tano vilevile. Jumla iliyolingana haikuthibitisha kwamba vitu ni vya aina moja. Ilithibitisha tu kwamba hakuna boksi lililopotea.

Tulisimamisha uunganishaji siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna kadi zilizounganishwa bila kitu kimoja kutoka kila kadi kuwekwa mezani kandokando, na kuulizwa swali moja: mteja aliyeomba hiki, akipewa kile kwa bei ile ile, ataondoka bila kusema neno? Jibu likiwa ndiyo bila kusita, ni bidhaa moja. Kusita kokote ni kadi mbili. Kuunganisha kimakosa ni hatari kuliko kuacha kadi mbili, kwa sababu kadi mbili zinaweza kuunganishwa wakati wowote, ila historia iliyochanganywa haitenganishwi tena. Zile kona 11 tulizitambua kwa kuwa fundi alizungumza.

Kanuni ya jina

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya lugha ya jina rasmi. Mhasibu alitaka majina ya ankara, ili apokee mzigo kwa urahisi. Makeshia walitaka majina ya kaunta. Nilipendekeza ya kaunta, kwa sababu mzigo hupokelewa mara chache kwa wiki, naye anayepokea ana muda wa kufikiri, ilhali kaunta hutafuta mamia ya mara kwa siku mteja akiwa anatazama saa. Neno la ankara halikutupwa. Lilihifadhiwa kama jina jingine, nalo nitalieleza mbele.

Mpangilio uliokubaliwa ni kitu kwanza, kisha nyenzo, kisha ukubwa, kisha kile kinachokitofautisha na ndugu zake, na mwisho chapa iwapo chapa hubadilisha bei. Herufi zote ni kubwa, kati ya namba na kipimo hakuna nafasi, na kila kundi lina kipimo kimoja tu:

```
KONA PPR 20MM
KONA PPR 20MM UZI NDANI 1/2IN
BOMBA PPR 20MM PN20 4M
KONA CHUMA 1/2IN
```

Viungio vya PPR huandikwa kwa milimita, vya chuma kwa inchi, kwa sababu ndivyo vilivyopigwa mhuri kiwandani na mtu yeyote anaweza kukigeuza kitu mkononi akahakiki. Huo ndio msingi nilioupenda kuliko yote: kadiri iwezekanavyo, jina litokane na kinachosomeka au kinachopimika juu ya kitu chenyewe, pasipo kutegemea kumbukumbu ya mtu. Alama ya PN kwenye bomba, inayoonyesha shinikizo ambalo bomba linahimili, haikuwa pambo. Bomba la milimita 20 la PN20 lina ukuta wa milimita 3.4 na la PN16 lina 2.8, kwa mbali ni mapacha, bei zake ni mbili, na katika orodha ya zamani yote yaliitwa «bomba ppr nusu».

Vipimo vya kuuzia vilileta nakala za aina yake. Misumari ya inchi nne ilikuwa na kadi ya kilo na kadi ya boksi, na kila boksi lilipofunguliwa ili lipimwe rejareja, kadi moja ilibaki na boksi ambalo halipo na nyingine ikaenda chini ya sifuri. Tulifuta neno boksi katika majina yote. Kadi hubeba kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, yaani kilo, na boksi likawa wingi wa kilo ndani ya kadi hiyo hiyo. Hilo lilifanya kazi hadi msambazaji mwingine alipoleta maboksi yenye uzito tofauti, na tangu hapo mpokeaji huandika kilo zilizosomwa juu ya boksi, haandiki idadi ya maboksi.

Msimbo

Mmiliki alitaka msimbo unaosomeka, ambao mtu akiutazama ajue ni kona, ni PPR, ni 20, na ni ya msambazaji gani. Tuliujaribu kwenye bidhaa 300 za mwanzo. Ulivunjika ndani ya wiki moja, kwa sababu herufi ya msambazaji iliifanya kona ile ile ipate misimbo miwili, na tatizo tulilokuja kulitibu likarudi likiwa limevaa nguo rasmi. Jambo lolote linaloweza kubadilika bila kitu kubadilika, kama msambazaji, bei au rafu, halina nafasi katika msimbo.

Tuliishia na namba tupu za tarakimu tano kuanzia 10001, zinazotolewa kwa mfuatano bila maana yoyote. Haianzi na sifuri kwa sababu Excel huitupa sifuri ya mbele. Haina herufi ili keshia aipige kwa mkono mmoja. Namba ya bidhaa iliyofungwa haitumiki tena kwa bidhaa nyingine, hata ikipita miaka.

Mmiliki aliuliza kwa nini tusitumie namba ya mistari iliyochapwa na kiwanda. Kwa rangi na gundi tuliitumia, kama njia ya ziada ya kutafutia. Kwa viungio haikufaa kuwa msimbo, kwa kuwa mistari iko kwenye mfuko wa vipande vingi, si kwenye kipande, na kona za mizigo miwili zenye matumizi na bei moja zilikuja na namba mbili.

Majina mengine na mlango mmoja

Kila kadi ilipewa sehemu ya majina mengine, na kisanduku cha kutafutia kikaelekezwa kusoma humo pia. Kadi ya `KONA PPR 20MM` ilibeba elbow, elbo, elibo, kona nusu, ppr nusu, pamoja na majina ya zile kadi tatu zilizofungwa, ili risiti ya zamani inayorudishwa iweze kupatikana. Jina jingine hufungwa kwenye kadi, halifungwi kwenye neno: nusu ya PPR ni 20MM, nusu ya chuma ni 1/2IN, na kanuni ya jumla ya kugeuza nusu kuwa 20 ingeharibu upande wa pili. Keshia akiandika «kona nusu» huona mistari mitatu, ile ya PPR, ya PPR yenye uzi, na ya chuma, naye humwuliza mteja. Swali hilo moja ndilo lililokosekana katika kisa cha kona za shaba.

Makeshia walipewa daftari la kuandika kila neno walilolitafuta likakosa. Mwanzoni waliliona kama mzigo. Walipoona neno waliloliandika jioni linapatikana kwenye kompyuta asubuhi, walianza kulijaza bila kukumbushwa, na katika miezi mitatu lilitupatia maneno zaidi ya 200 ambayo sisi tuliokaa mezani siku nne hatukuyafikiria.

Ruhusa ya kufungua kadi ilibaki kwa mtu mmoja, karani wa stoo. Anayehitaji kadi mpya humtumia kwenye WhatsApp picha ya kitu kikiwa kando ya rula, picha ya maandishi yaliyopigwa juu yake, na neno alilolitumia mteja. Karani hutafuta kwanza kwa ukubwa, halafu kwa kitu, na mara nyingi jibu lake huwa namba ya kadi iliyopo. Mteja wa Kariakoo hasubiri, duka la pili liko hatua kumi, kwa hiyo kila kaunta ilipewa kadi moja iitwayo `BIDHAA YA MUDA` ya kuuzia papo hapo, yenye sharti kwamba iwe imehamishiwa kadi halisi kabla ya kufunga siku.

Matokeo

Orodha ilishuka kutoka kadi zaidi ya 3,400 hadi kama 2,450, karibu kabisa na kile msimamizi wa stoo alichokuwa akikisema. Mmiliki alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na naliandika hili kwa sababu shutuma ya wizi ilikuwa imemwelemea mzee huyo kwa miezi. Bidhaa zenye salio chini ya sifuri zilishuka kutoka mia kadhaa hadi zisizozidi 15 kila mwisho wa mwezi. Ile shehena ya kona 500 ilikuwa imeshafika, nayo ilichukua muda mrefu kuuzika.

Habari chungu ilikuwa katika hesabu za faida. Zile kona 385 zilizouzwa kwa kadi isiyo na manunuzi zilionyeshwa kama faida tupu, na mamia ya kadi nyingine yalifanya vivyo hivyo, kwa hiyo gharama iliporudishwa mahali pake faida ya mwaka ilipungua kwa kiasi kilichomshtua mmiliki. Hakukuwa na fedha iliyopotea siku ile. Faida hiyo haikuwahi kuwepo.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni majina mengine pamoja na daftari la maneno yaliyokosa. Kanuni ya jina ilisaidia macho kutofautisha ndugu wanaofanana, na msimbo ulisaidia kasi, lakini ukiondoa utafutaji wa kweli, makeshia wangerudi kwenye `BIDHAA YA MUDA` kila siku. Nilipoitwa niliwaza nitaandika kanuni za tahajia. Sasa ningeanza na kisanduku cha kutafutia, wiki ya kwanza, kabla hata ya kusafisha orodha, kwa sababu kwa wiki zote tulizokuwa tukisafisha, kadi mpya za nakala zilikuwa zikiendelea kufunguliwa kwenye kaunta.

Mlango mmoja ulishindwa mara moja, na kwa sababu iliyotabirika. Karani alikwenda likizo ya siku kumi bila kuacha mtu, na `BIDHAA YA MUDA` ya duka kuu ikakusanya mistari zaidi ya 40. Kuichambua baadaye kwa kumbukumbu za makeshia kulichukua siku mbili, na mistari saba haikujulikana kamwe ilikuwa nini. Sasa mhasibu ndiye msaidizi wake, na programu haikubali kufunga siku ikiwa kadi hiyo ina salio lolote.

Chapa bado ni jeraha wazi. Tuliamua iandikwe pale tu inapobadilisha bei, lakini bei hubadilika. Bomba za viwanda viwili zilizokuwa bei moja mwezi Machi zilitofautiana Juni, na kadi moja ikalazimika kugawanywa mzigo ukiwa umechanganyika stoo. Kwa mabomba, msimamizi wa stoo sasa huandika chapa siku zote, iwe bei ni moja au la. Kwa kona, yeye na mhasibu bado hawajakubaliana, na kila mmoja ana hoja nzito.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi karani hutoa zile orodha mbili za mwanzo, ya chini ya sifuri na ya faida ya asilimia 100, akaongeza ya tatu ya kadi zilizofunguliwa mwezi huo. Mara ya mwisho nilipozipitia naye tulikuta nakala mbili. Zote zilikuwa za mkono wa mhasibu, zimefunguliwa jioni moja kutoka kwenye ankara moja, na bidhaa zenyewe zilikuwa bado zimo ndani ya maboksi ambayo hakuna aliyekuwa ameyafungua.